Nikudhamini Nini, Mwanangu?

Neno "mdhamini" limebebeshwa mizigo mingi mno katika Kiswahili chetu cha Tanzania. Mahakamani, mdhamini ni yule anayefika asubuhi na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho mkononi ili ndugu yake akalale nyumbani, na mshtakiwa akitoroka, yeye ndiye anayeulizwa. Kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, mdhamini ni mzazi au mjomba anayebandika picha yake na kusaini huku akisoma masharti kwa jicho moja. Kwenye chama cha kuweka na kukopa, ni mwenzako ambaye akiba yake inashikwa mpaka umalize deni. Kwenye mpira, ni kampuni ambayo nembo yake iko kifuani kwa mchezaji. Halafu fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma: mwombaji anatakiwa kuambatisha wasifu wake wenye namba za simu, barua pepe na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika.

Huyu wa tangazo hatoi hela, haweki nyumba rehani, wala hasimami kizimbani. Kazi yake ni kusema alichokiona: huyu mtu nilifanya naye kazi, alifanya hivi na hivi. Kwa Kiswahili cha kawaida tungemwita shahidi. Lakini tumempa jina la mtu wa deni, na jina hilo linaingia kwenye meseji tunazowaandikia wakubwa wetu wa zamani, kisha tunashangaa wakinyamaza.

Mdogo wangu, binti wa shangazi, ndiye aliyenifanya nilifikirie jambo hili kwa utulivu. Amekulia Suma, kwenye chai, na alipomaliza shahada ya kilimo pale Morogoro alirudi kufanya kazi kwenye kampuni moja inayonunua majani ya wakulima wadogo huku Rungwe. Mwaka wa tatu akaamua kuomba ufadhili wa Chevening, ule wa serikali ya Uingereza unaolipia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Wanataka uwe umefanya kazi angalau miaka miwili, na wanataka barua mbili za watu wanaokujua kikazi au kimasomo. Ndugu hawaruhusiwi. Basi akamwandikia mzee mmoja aliyekuwa msimamizi wake, ambaye sasa amestaafu: "Shikamoo mzee, samahani kwa usumbufu, naomba uwe mdhamini wangu wa kwenda Uingereza." Nukta.

Mzee akajibu baada ya siku mbili: "Marahaba. Nikudhamini nini, mwanangu?"

Yeye aliona kama anakejeliwa. Alinitumia picha ya meseji ile na vikaragosi vitatu vya kulia. Mimi nilipoisoma niliona mzee ameuliza swali la maana kuliko yote. Nikudhamini nini? Kwa nani? Kwa shilingi ngapi? Ukishindwa huko watanifuata mimi hapa Tukuyu? Na zaidi ya hofu ya hela, swali lile lina upande wa pili: ni kitu gani hasa unataka nikisemee? Alichokifanya mdogo wangu ni kumpa mtu mzima ombi ambalo hawezi kulikubali kwa akili yake yote, na hawezi kulikataa bila kuonekana ana roho mbaya.

Nina sababu ya kuwa upande wa mzee. Kwenye chumba cha habari nimewasimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wale wanaokuja wiki nane wakiwa na daftari jipya, na baada ya mwaka mmoja au miwili huanza kunitafuta. Siku moja nilipigiwa simu nikiwa ndani ya daladala, dada mmoja mpole akitaka kujua kama ninamfahamu kijana fulani, kwa sababu ameniandika kuwa mdhamini wake. Jina lilikuwa la kawaida sana. Nikauliza ni nani, wapi, lini. Yule dada hakuwa na zaidi ya alichonacho kwenye karatasi. Nikasema ukweli, kwamba sikumbuki vizuri, naomba anitumie meseji. Hakutuma. Nilimkumbuka kijana mwenyewe usiku nikiwa naosha vyombo: alikuwa mzuri tu, alileta habari ya maji ya kisima ambayo tuliichapa ukurasa wa tatu. Kama angeniambia mapema ningesema hayo mchana ule ule, hata ndani ya daladala.

Wengine huuliza, lakini huuliza kwa namna ambayo mlango umeshafungwa kwa nyuma. "Dada, nimeshakuandika, naomba usiniangushe." Au wanakuja na tarehe ya mwisho kesho kutwa. Sasa utakataa vipi? Unaandika. Na hapa ndipo madhara yalipo, kwa sababu mtu aliyekubali kwa kukosa pa kutokea huandika barua ya kujikwamua. Mnaijua: kijana huyu ni mtiifu, mchapakazi, mwenye ushirikiano na wenzake, ninampendekeza bila kusita. Hakuna hata sentensi moja ambayo isingemfaa kijana mwingine yeyote. Anayesoma barua hizo mia kwa wiki huelewa mara moja kwamba mwandishi ama hamjui mtu huyu, ama anamjua na ameamua kunyamaza. Kukataliwa kungekuwa afadhali, maana aliyekataliwa bado ana nafasi ya kumtafuta mwingine. Mwenye barua baridi hajui hata kama ameumia, kwa sababu barua nyingi haonyeshwi.

Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tulikaa na simu, yeye Suma na mimi Mbeya, tukaanza upya.

Jambo la kwanza tulilobishana ni namna ya kufika. Yeye alitaka kwenda nyumbani kwa mzee Jumapili baada ya ibada, na mkungu wa ndizi. Ndivyo tulivyolelewa: jambo zito halisemwi kwa meseji, na huendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Nikamwambia fikiria mzee amekaa sebuleni kwake, mama ameshakuletea chai, ndizi zako zimeshaingizwa jikoni, halafu unaomba. Atasema hapana kwa mdomo gani? Mshenga alibuniwa kwa sababu hiyo hiyo. Posa inapelekwa na mtu wa kati ili upande wa pili uweze kuikataa bila kijana na mzee kutazamana usoni. Mkungu wa ndizi ungemnyima mzee nafasi hiyo.

Lakini meseji kavu nayo ni utovu wa adabu, hilo nilikubaliana naye. Tukaona njia ya katikati. Angepiga simu kwanza, asalimie kama watu wanavyosalimiana, aulize hali ya mama na mvua, halafu aseme tu: "Mzee, nina jambo la kazi nitakuandikia leo jioni. Ulisome kwa nafasi yako, si la kujibu sasa." Kisha akate. Simu imebeba heshima na maandishi yatabeba ombi. Maandishi yana faida moja kubwa: mtu anaweza kuyasoma, akakunja uso, akamuuliza mke wake, akalala, na hakuna anayemwona.

Jambo la pili lilikuwa hesabu, na hapa watu wengi hawasemi ukweli wote, wala si kwa makusudi. Mdogo wangu aliona anaomba "barua moja". Nikamwambia tuhesabu. Chevening wanakutaka uchague kozi tatu. Kila chuo unachoomba kina fomu yake, na vyuo vingi vya Uingereza havipokei barua kutoka mkononi mwa mwombaji. Unaandika jina na barua pepe ya msimamizi wako, na mtambo wao unamtumia yeye kiungo cha kubonyeza na kupakia. Hiyo ni mara tatu. Barua ya Chevening yenyewe huhitajika baadaye, kwa wale walioitwa kwenye usaili tu, ambao huwa mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Hiyo ni ya nne. Maombi hufunguliwa Agosti, kwa hiyo mtu anayekubali mwezi wa tisa anakubali jambo litakaloendelea kumgongea mlango mpaka mwezi wa pili. Mzee hatoweza kuamua kama hajui kwamba barua moja ina milango minne. Na kama hajui kwamba kiungo kinatoka kwa mtambo wa chuo, wenye jina asilolijua, ataona utapeli na kukifuta, au kitaangukia kwenye folda ya Spam na kuozea humo. Tulipouliza kwa upole ikajulikana kwamba barua pepe ya mzee huwa inafunguliwa na kijana wake wa mwisho, anayesoma sekondari ya bweni na hurudi likizo tu. Jambo dogo kama hilo lingeua maombi yote bila mtu yeyote kuwa na kosa.

Tulipomaliza kubishana, aliandika hivi. Naiweka nzima, nimeondoa majina tu, kwa ruhusa yake.

"Shikamoo mzee. Ni mimi, yule binti wa mizani, niliyeanza chini yako Suma Machi 2021. Kama nilivyosema kwenye simu, ninaomba ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili Uingereza, mwaka mmoja, kuhusu usafirishaji na utunzaji wa mazao. Wanataka watu wawili walionisimamia waeleze kazi yangu waliyoiona. Nilitumia neno mdhamini, lakini hakuna fedha wala deni ndani yake, na nikishindwa masomo wewe huulizwi chochote. Ni ushahidi tu.

Kazi yenyewe ni barua ya ukurasa mmoja hivi, kwa Kiingereza. Barua hiyo hiyo itahitajika mara nne: vyuo vitatu vitakutumia kiungo kwenye barua pepe kati ya Oktoba na Desemba, na nikiitwa usaili itahitajika tena mwanzoni mwa mwaka. Nikikadiria, ni kama nusu siku yako kwa jumla. Mambo ya kompyuta naweza kuja kukusaidia kubonyeza, lakini maneno yawe yako, na si lazima niyaone.

Hapa chini nimeweka karatasi moja yenye tarehe nilizofanya kazi, mambo matatu niliyoyafanya, na kile ambacho wasomaji wa barua wanataka kujua.

Mzee, najua umepumzika na una shughuli zako. Kama muda hauruhusu, au ukiona kuna mtu mwingine aliyeiona kazi yangu vizuri zaidi, niandikie tu 'tafuta mwingine'. Sitauliza sababu na hakuna kitakachobadilika. Nina mtu wa pili ninayeweza kumwomba. Nisipokusikia mpaka Ijumaa ya tarehe 20 nitaelewa muda haukuruhusu, na sitakupigia kukusumbua. Asante kwa yote uliyonifundisha."

Nitasema kidogo kuhusu aya ile ya mwisho, kwa sababu ndiyo iliyotuchukua jioni nzima. Rasimu yake ya kwanza ilisema "kama hutajali" na "ikiwezekana tu mzee wangu". Hayo ni mapambo. Hayampi mtu njia ya kutoka, yanamfanya ajisikie vibaya zaidi akitoka. Njia ya kutoka inahitaji vitu halisi. Kwanza, apewe maneno ya kukataa yakiwa yameshaandikwa, mafupi, ambayo anaweza kuyanakili bila kuyatunga. Pili, apewe sababu isiyomwaibisha. Tuliweka mbili, muda na mtu aliyeona zaidi, na nyuma ya hizo anaweza kuficha ya tatu yoyote: Kiingereza cha barua kimemtoka, macho, au hakukupenda kazini. Tatu, ajue kwamba akikataa hujaharibikiwa. Na hilo liwe kweli. Ukisema una mtu wa pili, uwe naye.

Kuhusu kunyamaza ndipo tulipotofautiana. Mimi nilitaka kimya kihesabiwe kuwa hapana, kwa sababu kwetu kimya ndiyo hapana ya kawaida kabisa. Mtu akikwambia "nitaangalia", au "tutaongea", au asipojibu meseji ambayo alama zake mbili zimeshakuwa za buluu, ameshasema. Tatizo ni kwamba muombaji huamua kutoelewa, anapiga tena na tena mpaka mtu anakubali ili apate kulala. Ukimwambia mapema kwamba kimya chake utakisoma kuwa hapana, umempunguzia mzigo hata wa kuandika maneno mawili. Mdogo wangu akasema, na bando likiisha je? Umeme ukikatika siku nne, kama unavyokatika huku mvua zikianza? Ana haki. Ndiyo maana tuliweka siku kumi badala ya tatu, na ndiyo maana simu ya salamu ilitangulia, ili angalau ajue kuna kitu cha kusubiri. Bado kuna hatari ya kumpoteza mtu aliyetaka kukubali. Mimi naona ni hatari ndogo kuliko ile ya barua baridi, lakini sijifanyi kwamba haipo.

Sasa ile karatasi moja. Watu wengi huambatisha wasifu wa kurasa tatu na vyeti, wakidhani wametoa maelezo ya kutosha. Msimamizi wako hahitaji kujua ulipata divisheni gani. Anachohitaji ni kukumbushwa vitu ambavyo yeye mwenyewe aliviona, kwa ukubwa unaoweza kuingia kwenye sentensi. Mdogo wangu aliandika kwanza: "Nilisimamia vituo vya kukusanyia majani na kuboresha ufanisi." Nikamuuliza ufanisi ndiyo mnyama gani. Akaanza kunieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujivunia kuwa ndugu yake.

Majani mabichi ya chai, yale majani mawili na chipukizi, yakishindiliwa kwenye gunia na kuachwa muda mrefu hupata joto. Ukiingiza mkono katikati unalisikia. Yanaanza kugeuka wekundu kabla hayajafika kiwandani, na kiwanda kinayakataa, na mkulima aliyeamka alfajiri anarudi na gunia lake. Alikuwa na vituo sita. Kila mtu alisema wakulima wa vituo viwili vya mwisho ni wavivu, wanachuma majani mazee. Yeye akaanza kuandika pembeni mwa daftari la mizani saa ambayo kila gunia limepimwa na saa ambayo lori limelichukua. Miezi mitatu. Ikaonekana kwamba vile viwili vya mwisho vilikuwa vinasubiri lori zaidi ya saa tano, kwa sababu kila siku lori lilianza upande ule ule. Akapendekeza lizunguke kinyume siku moja baada ya nyingine. Magunia yaliyokataliwa kwenye kituo cha mwisho yakashuka kutoka 11 kwa wiki hadi 3. Hilo tu. Hakuna ufanisi wala mnyama.

Tukaiweka kwenye karatasi kama hivyo, na miezi yake, mwaka 2022. Tukaongeza mambo mengine mawili madogo, na sentensi moja kueleza kwamba Chevening wanatafuta watu wenye dalili za uongozi, kwa hiyo ikiwa mzee aliona mahali aliposhawishi watu bila kuwa na cheo, hapo ndipo pa kusemea. Hatukumwandikia sentensi za kunakili.

Nalitaja hili kwa sababu najua kinachotokea. Nusu ya wakubwa wetu watakujibu: "Andika wewe mwenyewe, nitasaini." Wengi huifurahia kama bahati. Mimi siipendi. Kwanza, barua mbili zilizoandikwa na mkono mmoja zinafanana, na wewe usiyezoea kujisifu utajisifu vibaya, ama kwa woga ama kwa kupitiliza. Pili, chuo kinapomuuliza msimamizi maoni yake na kupewa maoni ya mwombaji, kimedanganywa, tusizunguke. Na tatu, naisoma kauli ile kama lugha ya adabu. Mtu anayekwambia uandike mwenyewe mara nyingi anakwambia hana cha kusema au hana muda wa kukisema. Jibu langu huwa ni kumtumia karatasi ya kumbukumbu mara moja tu, na asipoandika, nahesabu amenikatalia kistaarabu na namshukuru.

Mzee alijibu siku ya nne, kwa meseji ndefu kuliko zote alizowahi kumwandikia. Alisema ameisoma ile karatasi mara mbili. Alimkumbuka vizuri, alimsifu kwa namna alivyokuwa akiongea na akina mama wa vituoni. Lakini kazi ya lori, alisema, yeye hakuiona. Katikati ya 2021 alihamishiwa ofisi kuu, na ingawa aliendelea kusaini fomu za likizo za watu wa Suma mpaka alipostaafu, alikuwa anasaini tu. Aliyekuwa akienda vituoni kila wiki ni mama aliyekaimu nafasi yake. "Mimi nikiandika habari ya lori nitakuwa naandika nilichosikia. Tafuta mwingine, mwanangu, na mwingine mwenyewe ni yule mama. Mimi niweke kwenye zile za serikali, wakipiga simu nitasema nilikuajiri na sikujuta."

Tazama kilichotokea hapo. Mdogo wangu alimchagua mzee kwa sababu ya mvi na cheo, na kwa sababu kwenye karatasi za ofisi jina lake ndilo lililosimama mahali pa msimamizi. Yule mama hakumfikiria kabisa, alikuwa mkali, na hakuwa na cheo cha kudumu. Maelezo ya kutosha ndiyo yaliyomwonyesha mzee kwamba hakuwepo, na ule mlango ulioachwa wazi ndio uliomruhusu kulisema. Kimoja bila kingine kisingetosha. Kwa ombi la mwanzo, la mstari mmoja, angeandika barua ya mtiifu na mchapakazi, na wala asingekuwa amedanganya.

Na kule kugawa kazi alikofanya ni sahihi kabisa. Wale wadhamini watatu wa Sekretarieti ya Ajira ni majina na namba kwenye wasifu. Mtu anayethibitisha kwamba uliajiriwa, kwamba ulikuwa na nidhamu, anatosha, na mzee mwenye jina zuri wilayani anafaa sana. Barua ya ufadhili ni kitu kingine, inamtaka aliyekuwa karibu. Watu wengi wanaweka majina yale yale matatu kila mahali kwa miaka kumi, bila kuuliza, wakati mwingine hata bila kujua kama mwenye jina bado yuko hai.

Yule mama aliombwa kwa utaratibu ule ule, simu ya salamu, kisha maandishi, kisha siku kumi. Alijibu saa hiyo hiyo, bila salamu nyingi, kama alivyo. Aliuliza maswali mawili: viungo vya vyuo vitatoka kwenye anwani gani ili awe anaangalia, na je, anaruhusiwa kutaja kwamba mwanzoni yeye mwenyewe alilipinga lile wazo la lori. Mdogo wangu alinipigia akiwa na wasiwasi. Nikamwambia mwambie ndiyo, tena upesi. Barua inayosema "nilimpinga, akaniletea daftari" ina uzito ambao sifa kumi hazina.

Viungo vilikuja kwa nyakati tofauti, kimoja kweli kiliangukia Spam, na kwa kuwa alishaambiwa alikwenda kukichukua huko. Mdogo wangu alikuwa akimtumia ujumbe mfupi kila chuo kinapotuma, mmoja tu, na siku ya mwisho ikiwa mbali ya kutosha. Barua yenyewe hajaiona hadi leo.

Desemba, alipokuwa hana tena cha kumwomba mtu, alikwenda kwa mzee. Mkungu wa ndizi ulikuwa mzito, bodaboda ilimtoza nauli ya watu wawili kutoka Suma. Walikaa barazani, mvua ikiwa inanyesha kama inavyojua kunyesha Tukuyu. Hawakuzungumza habari ya Uingereza mpaka alipokuwa anaaga. Mzee alimsindikiza hadi kwenye ukingo wa paa, akasema "ndaga fijo" kwa ajili ya ndizi, kisha akamuuliza lile lori siku hizi linaanzia upande gani.